Uboho unapoitika na unaponyamaza: kielezo cha retikulosaiti kwa mgonjwa wa selimundu

Majibu ya maabara yanaweza kuwa sahihi na bado yakampotosha anayeyasoma. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 7 mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Ameletwa hospitali akiwa amechoka, viganja vyake vimepauka, na anahema haraka. Wiki iliyopita alikuwa na homa ndogo iliyopita yenyewe. Hemoglobini yake ni gramu 5.0 kwa desilita, hematokriti ni asilimia 15, na retikulosaiti ni asilimia 2.4. Pembeni mwa tarakimu hiyo ya mwisho maabara imeandika kiwango cha kawaida: 0.5 hadi 2.5. Hakuna alama ya hatari. Anayesoma haraka atasema kwamba uboho wa mtoto huyu hauna tatizo, kisha atatafuta chanzo cha upungufu wa damu mahali pengine. Ukweli ni kwamba uboho wake umekaribia kusimama kazi.

Makala haya yanaeleza hesabu fupi inayoufichua ukweli huo, na jinsi ya kuitumia kwa mgonjwa wa selimundu ambaye damu yake imeshuka ghafla.

Retikulosaiti ni nini

Chembe nyekundu za damu huzaliwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Chembe inapokaribia kukomaa hukitoa kiini chake nje, ikabaki na masalia ya RNA iliyokuwa ikitumika kutengeneza hemoglobini. Mteknolojia wa maabara akichanganya damu na rangi ya buluu ya methilini mpya, masalia hayo huonekana chini ya hadubini kama nyuzi za wavu mwembamba. Chembe hiyo changa yenye wavu ndiyo retikulosaiti. Kwa mtu mwenye afya hukaa katika mzunguko wa damu kwa takriban siku 1, kisha wavu hutoweka na chembe huendelea kuishi kwa takriban siku 120.

Kwa hiyo kuhesabu retikulosaiti ni kuhesabu watoto waliozaliwa jana na leo. Wakiwa wengi, uboho unazalisha kwa bidii; wakiwa wachache, uzalishaji umepungua. Tatizo liko katika namna idadi hiyo inavyoandikwa. Mara nyingi huandikwa kwa asilimia ya chembe nyekundu zote, na asilimia hiyo hupotoshwa na mambo mawili.

Masahihisho mawili

Jambo la kwanza ni kupungua kwa chembe zilizokomaa. Fikiria kikapu chenye machungwa 100, mawili kati yake mabichi. Mabichi ni asilimia 2. Ukiondoa machungwa 50 yaliyoiva, yale mabichi mawili yatakuwa asilimia 4 ya yaliyobaki, ingawa hakuna chungwa bichi hata moja lililoongezwa. Ndivyo ilivyo kwa damu: chembe zilizokomaa zinapopungua, asilimia ya retikulosaiti hupanda bila uboho kufanya lolote. Ili kusahihisha, tunaizidisha asilimia hiyo kwa hematokriti ya mgonjwa, kisha tunagawanya kwa hematokriti ya kawaida, ambayo kwa desturi huwekwa kuwa 45.

Jambo la pili ni muda. Damu inapopungua, figo hutoa homoni ya erithropoietini kwa wingi, nayo huusukuma uboho kuziachia retikulosaiti mapema, zikiwa changa zaidi. Sehemu ya ukuaji ambayo ingefanyika ndani ya uboho sasa hufanyika katika mishipa ya damu. Retikulosaiti moja huonekana siku 2 badala ya 1, hivyo huhesabiwa leo na kesho pia. Tusipolizingatia hilo, tutadhani kwamba uzalishaji umeongezeka maradufu. Robert Hillman na Clement Finch, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1960, na kazi yao ndiyo msingi wa kugawanya kwa siku za ukomavu. Kwa matumizi ya wodini siku hizo hukadiriwa hivi: hematokriti ya 36 hadi 45, siku 1.0, ya 26 hadi 35, siku 1.5, ya 16 hadi 25, siku 2.0, ya 15 au chini yake, siku 2.5.

Hesabu nzima ni hii:

```
kielezo = retikulosaiti (%) × (hematokriti ÷ 45) ÷ siku za ukomavu
```

Kwa mtu asiye na upungufu wa damu, kielezo huwa karibu na 1. Mtu mwenye upungufu wa damu ambaye uboho wake unaitika vizuri hufikia 3 au zaidi. Kielezo kilicho chini ya 2 kwa mtu wa namna hiyo kinasema kwamba uboho haujaitika inavyostahili: umekosa malighafi, umekandamizwa, au umeharibika. Kati ya 2 na 3 hukumu haijawa wazi, na kipimo hurudiwa.

Mtoto wetu kwa tarakimu

Kadi ya kliniki ya mtoto huyu inaonyesha hali yake alipokuwa mzima miezi 2 iliyopita: hemoglobini 8.0, hematokriti 24, retikulosaiti asilimia 12. Tunapiga hesabu. 12 mara 24, gawanya kwa 45, tunapata 6.4. Tukigawanya kwa siku 2.0 tunapata 3.2. Huo ni uboho unaofanya kazi ya ziada kila siku. Hauna budi kufanya hivyo, kwa kuwa chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi takriban siku 10 hadi 20 tu.

Sasa tarakimu za leo. 2.4 mara 15, gawanya kwa 45, tunapata 0.8. Tukigawanya kwa siku 2.5 tunapata 0.32. Asilimia iliyoonekana ya kawaida imeficha uzalishaji ulioshuka hadi moja ya kumi ya ule wa miezi 2 iliyopita.

Uboho unapozimika ghafla hivi kwa mtoto mwenye selimundu, mshukiwa wa kwanza ni kirusi cha parvo B19. Kirusi hiki huingia katika chembe mama za chembe nyekundu ndani ya uboho na kuziua, na uzalishaji husimama kwa takriban siku 7 hadi 10. Mtoto asiye na selimundu hupita kipindi hicho bila hata kujua, kwa sababu chembe zake za siku 120 zinatosha kumvusha. Mwenye selimundu hana akiba hiyo. Chembe zake zinaendelea kufa kwa kasi ileile na hakuna za kuzirithi, kwa hiyo hemoglobini huporomoka ndani ya siku chache.

Kutofautisha na bandama iliyonasa damu

Hali nyingine inayoishusha damu ghafla kwa mtoto mwenye selimundu ni damu kunaswa ndani ya bandama. Mtoto hupauka vilevile, lakini bandama huvimba ikazidi ukubwa wake wa kila siku, na chembe sahani hupungua kwa sababu nazo zimenaswa. Uboho wake ni mzima, kwa hiyo retikulosaiti hubaki juu kama ilivyo desturi yake au hupanda zaidi. Katika hali ya uboho kusimama, bandama haiongezeki na retikulosaiti hutoweka. Mara nyingi hata unjano wa macho hauzidi ule uliozoeleka.

Tofauti hii inabadilisha matibabu. Watoto wote wawili wanaweza kuhitaji damu. Aliyenaswa damu katika bandama huongezewa kwa kiasi kidogo na kupimwa tena, kwa sababu damu iliyokuwa imejificha inaweza kurudi katika mzunguko na kuifanya iwe nzito kupita kiasi. Ambaye uboho umesimama huongezewa polepole, kwa kuwa moyo wake tayari umelemewa, na lengo ni kumvusha hadi uboho uamke. Retikulosaiti zinaporudi kwa wingi siku chache baadaye, tunajua kwamba kipindi cha hatari kimepita.

Mipaka ya kipimo

Kielezo kinasema kwamba uboho haujaitika, lakini hakisemi kwa nini. Malaria kali na maambukizi ya bakteria pia huukandamiza uboho. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe malaria na kuchunguzwa maambukizi mengine hata kama parvo B19 inashukiwa. Upungufu wa foleti nao huweza kukishusha kielezo kwa mwenye selimundu, kwani uboho wake huitumia kwa wingi. Haidroksiyurea hupunguza retikulosaiti kwa namna yake ya kufanya kazi, hivyo anayeitumia alinganishwe na majibu yake ya kipindi cha dawa, si ya kabla yake.

Wakati wa kuchukua damu una uzito mkubwa. Sampuli ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu chembe za mchangiaji huongeza hematokriti na kupunguza asilimia ya retikulosaiti. Aliyetokwa na damu nyingi jana asihukumiwe kuwa uboho wake ni mvivu: huchukua siku 3 hadi 5 kabla ya mwitikio kuonekana wazi. Sampuli isilale mezani, maana retikulosaiti huendelea kukomaa ndani ya chupa na hesabu hushuka.

Kuhesabu kwa jicho nako kuna kosa lake. Mteknolojia akihesabu chembe 1,000 na kupata retikulosaiti 20, jibu ni asilimia 2, lakini kwa bahati tu ya kuhesabu thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 1 na 3. Vimelea vya malaria, na mabaki ya kiini ambayo huonekana kwa wenye selimundu, huweza pia kudhaniwa kuwa retikulosaiti. Jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa lirudiwe.

Kadi ya mgonjwa

Kwa mzazi wa mtoto mwenye selimundu, tarakimu 3 zinastahili kuandikwa kwenye kadi mtoto anapokuwa mzima: hemoglobini, hematokriti na retikulosaiti, pamoja na tarehe. Bila hizo, daktari wa zamu anayekutana na mtoto huyo usiku hana cha kulinganisha, na asilimia 2.4 itapita mbele yake kama jambo la kawaida. Mtoto akipauka zaidi ya kawaida yake, akahema akiwa amekaa tu, au akachoka kupita kiasi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na kadi hiyo mkononi.

Mzazi aseme pia kama kuna ndugu wa mtoto huyo mwenye selimundu, na kama kuna mama mjamzito nyumbani. Kirusi cha parvo B19 huambukizwa kwa njia ya hewa, na ndugu huweza kuugua siku chache baadaye. Kwa mjamzito, kirusi hicho kinaweza kuuathiri uboho wa mtoto aliye tumboni. Ndugu mwenye selimundu apimwe hemoglobini na retikulosaiti mapema, kielezo chake kipigiwe hesabu, na kipimo kirudiwe akianza kupata homa au kupauka.