Buibui Jeusi Lililogeuka Kijivu

Bibi mmoja anapigwa picha Forodhani, Unguja, jioni, jua likizama baharini nyuma ya bega lake. Fokasi imekaa machoni barabara. Picha ikifunguliwa kwenye kompyuta, buibui lake jeusi limekuwa kijivu, mikunjo ya kitambaa imefifia, na uso unaonekana kama haukushikwa fokasi. Wengi hulaumu mkono uliotikisika. Mara nyingi mkosaji ni mwanga uliopotea njia ndani ya lenzi.

Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaougonga, na lenzi ina vioo vingi. Utando unaopakwa kiwandani, ule unaong'aa zambarau au kijani, huipunguza hadi chini ya asilimia 1, lakini hauimalizi. Mwanga huo hugongagonga ndani. Sehemu yake hutokeza vidoa vilivyojipanga kwa mstari kutokea kwenye jua. Hivyo angalau unaviona. Uliobaki hutandaa juu ya picha nzima kama shela, na huo ndio wa hatari.

Tuseme ndani ya buibui sehemu yenye giza ina mwanga 1 na mkunjo wake una 2. Mkunjo unang'aa mara mbili, kwa hiyo jicho linauona. Ongeza shela la 4 kila mahali: sasa ni 5 na 6, tofauti imekuwa ndogo mno. Ukosi mweupe uliokuwa 100 umekuwa 104, wala hakuna atakayegundua. Lenzi haikupoteza ukali wake. Tofauti ambazo jicho huzitegemea ndizo zilizozama.

Kujua ni rahisi. Ukiwa umetulia na kamera, nyoosha mkono mpaka kivuli chake kiangukie kioo cha mbele, bila mkono wenyewe kuingia pichani. Weusi ukikolea kwenye skrini, umempata mwizi. Kikingio cha lenzi hufanya kazi hiyohiyo, ila jua likiwa ndani ya picha hakikusaidii kitu. Hapo sogea hatua moja, ulifiche nyuma ya kichwa chake. Futa alama za vidole, hasa kwenye simu, na uvue filta ya bei chee.

Wakati wa kuhariri, shusha Blacks mpaka sehemu nyeusi kabisa ya buibui iwe nyeusi, kisha ongeza Dehaze kidogo, pale tu palipofifia. Weusi ukibaki na uchungwa, kwenye Curves shusha zaidi sehemu za giza za nyekundu. Kunoa picha hakutibu. Kutakuza chembechembe tu. Nazo chembechembe zilizoletwa na mwanga huo hazitoki hata weusi ukirudi.

Kidoa kikitua shavuni, kukifuta huharibu ngozi. Kama kamera iko juu ya stendi na bibi ametulia, piga picha ya pili huku kidole kimeliziba jua, kisha chukua shavu la picha hiyo ulipandikize kwenye ya kwanza.