Kompyuta Inapokataliwa na Domeni Yake

Kompyuta iliyounganishwa na domeni ya Active Directory ina akaunti yake mwenyewe, kando na akaunti za watu wanaoitumia. Jina la akaunti hiyo ni jina la kompyuta likifuatiwa na alama ya dola, mfano UHASIBU-03$, na kama akaunti nyingine yoyote ina nywila. Hakuna mtu anayeiandika wala kuijua. Windows yenyewe hutunga mfululizo wa herufi 120 za kubahatisha, ikahifadhi nakala moja ndani ya kompyuta na nyingine kwenye seva ya domeni. Kila kompyuta inapowashwa, kabla mfanyakazi hajaandika jina lake, huduma iitwayo Netlogon hujitambulisha kwa seva kwa kutumia siri hiyo na kufungua njia salama ya mawasiliano. Nywila za wafanyakazi huthibitishwa kupitia njia hiyo.

Siri ya kompyuta isipolingana na ile iliyoko kwenye seva, njia haifunguki, na mfanyakazi anayejaribu kuingia huona maneno haya:

```
The trust relationship between this workstation
and the primary domain failed
```

Maana yake ni kwamba kompyuta na domeni haziaminiani tena. Nywila ya mfanyakazi inaweza kuwa sahihi kabisa, na akaunti yake isiwe na kasoro yoyote. Kilichoharibika ni utambulisho wa mashine.

Ujumbe huu usichanganywe na ule unaosema domeni haipatikani. Huo wa pili hutokea kompyuta isipoifikia seva kabisa, mara nyingi kwa sababu ya waya uliochomoka au anwani ya DNS iliyoelekezwa kwenye ruta badala ya seva ya ofisi. Kwenye kosa la kuaminiana, seva imefikiwa na imejibu. Jibu lake ndilo la kukataa. Saa nayo inafaa kutazamwa mapema, kwa kuwa ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5 uthibitishaji huanza kukwama hata kama siri ni sahihi.

Nywila ya kompyuta hubadilishwa kila baada ya siku 30 hivi, na hapa ndipo penye dhana potofu iliyoenea sana. Mafundi wengi huamini kwamba kompyuta ikizimwa kwa zaidi ya siku 30, nywila yake kwenye seva inakwisha muda na domeni inaikataa. Sivyo. Anayeanzisha mabadiliko ni kompyuta, si seva. Mashine iliyofungiwa kabatini miezi sita ikiwashwa itajitambulisha kwa nywila ileile ya zamani, seva itaikubali kwa kuwa haina nyingine, kisha kompyuta itatunga mpya. Likizo ndefu haivunji uhusiano, isipokuwa pale ambapo msimamizi amejiwekea utaratibu wa kufuta akaunti za kompyuta zisizoonekana kwa muda mrefu.

Kompyuta huhifadhi nywila mbili: ya sasa na iliyotangulia. Ya sasa ikikataliwa, hujaribu ile ya nyuma yake. Mpangilio huo huikinga pale umeme unapokatika katikati ya kubadilisha, upande mmoja ukiwa umeandika siri mpya na mwingine bado. Kwa sababu hiyo uhusiano hauvunjiki kirahisi, na ukivunjika karibu kila mara kuna tendo la binadamu nyuma yake. Huenda kompyuta imerudishwa kwenye nakala ya zamani ya diski. Huenda kompyuta nyingine imepewa jina lilelile na kuungwa na domeni, ikairithi akaunti na kubadilisha nywila. Au mtu ameibofya akaunti hiyo kwenye seva akachagua kuiweka upya, au ameifuta.

Sababu ya kwanza ndiyo inayostahili kufuatwa hatua kwa hatua. Chukua kompyuta ya uhasibu, UHASIBU-03, iliyomo kwenye domeni iitwayo ofisi.lan. Tarehe 10 Januari fundi alichukua nakala kamili ya diski yake. Siku hiyo kompyuta ilikuwa na nywila iliyotungwa tarehe 21 Desemba, na ile iliyotangulia ya tarehe 21 Novemba. Ikaendelea na kazi, ikabadilisha nywila tarehe 20 Januari, tena tarehe 19 Februari, na tena tarehe 21 Machi. Tarehe 2 Aprili diski ikaharibika, na fundi akairudisha nakala ya Januari kwenye diski mpya. Programu zote zikawaka vizuri. Lakini siri zilizorudi pamoja na nakala ni za Desemba na Novemba, wakati seva inaitambua ya Machi. Kompyuta inajaribu moja, inajaribu ya pili, zote zinakataliwa. Mashine pepe zinazorudishwa kwenye hali ya zamani hupatwa na jambo hilihili.

Kazi ya kwanza ni kuingia ndani ya kompyuta. Njia ya uhakika ni akaunti ya ndani yenye mamlaka ya usimamizi, ambayo huandikwa kwa kutanguliza nukta na mkwaju wa nyuma, kama `.\msimamizi`. Isipokuwepo, huchomolewa waya wa mtandao au kuzimwa Wi-Fi. Kompyuta isiyoiona seva huwathibitisha watu kwa kumbukumbu ya walioingia siku za karibuni, na kwa kawaida Windows huweka kumbukumbu za watu 10. Katika mfano huu kuna jambo linalowasumbua wengi: kumbukumbu hiyo nayo imerudi Januari. Mtu aliyebadilisha nywila yake Februari atakataliwa akiandika mpya, na atapita akiandika ile aliyokuwa nayo Januari. Pia haitoshi kuingia tu. Anayeingia lazima awe na mamlaka ya usimamizi juu ya kompyuta hiyo, vinginevyo hataweza kurekebisha chochote.

Akishaingia, waya hurudishwa, kisha hufunguliwa Windows PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi. Iwe ni ile inayokuja na Windows, maana amri inayohitajika haimo katika toleo la 7. Kwanza hali hupimwa:

```
Test-ComputerSecureChannel
```

Jibu `False` linaonyesha kwamba njia salama haifanyi kazi. Kabla ya kurekebisha, inafaa kuthibitisha kwamba seva inaonekana:

```
nltest /dsgetdc:ofisi.lan
```

Amri hiyo ikirudisha jina na anwani ya seva, ukarabati unaweza kuanza. Ikishindwa, tatizo la DNS au mtandao hutatuliwa kwanza, kwa kuwa siri haiwezi kurekebishwa na seva isiyopatikana. Baada ya hapo:

```
Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential OFISI\fundi
```

Akaunti inayotajwa mwishoni ni ya domeni, yenye ruhusa ya kuweka upya nywila ya akaunti ya kompyuta hiyo. Amri inatunga siri mpya na kuiandika pande zote mbili. Jibu likiwa `True`, mtumiaji anatoka na kuingia tena kwa jina lake la domeni. Ikibidi kompyuta inawashwa upya. Kazi nzima ni ya dakika chache, na hakuna faili, mipangilio wala wasifu wa mtumiaji unaoguswa.

Hata hivyo, zoea la wengi ni kuitoa kompyuta kwenye domeni na kuiunga tena, na wapo wanaoanza kwa kuifuta akaunti yake kwenye seva ili “kusafisha”. Kufuta huko ndiko kosa kubwa kuliko yote katika jambo hili. Akaunti ya kompyuta hubeba zaidi ya nywila. Pale diski zinapofungwa kwa BitLocker na ofisi imepanga funguo za kuokolea zitunzwe Active Directory, funguo hizo hukaa chini ya akaunti hiyo, na ikifutwa huondoka nayo. Nywila ya msimamizi wa ndani inayotunzwa na mfumo wa LAPS nayo iko humohumo. Kompyuta ikiungwa tena hupata akaunti mpya yenye kitambulisho kipya, na uanachama wake katika makundi haurudi wenyewe. Siku diski itakapodai ufunguo, ofisi itakuwa haina pa kuutafuta.

Kuunga upya hubaki kuwa lazima pale akaunti ilipokwisha kufutwa, au ukarabati unapokataa ingawa seva inaonekana. Hata hapo mpangilio ni muhimu. Nywila ya akaunti ya ndani hujaribiwa kwa kuingia nayo kweli, si kwa kuikumbuka tu, kwa sababu kompyuta ikishatoka kwenye domeni akaunti hiyo ndiyo mlango pekee uliobaki. Ufunguo wa BitLocker husomwa na kutunzwa nje ya kompyuta hiyo:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Kisha kompyuta huhamishiwa kwenye kundi la kawaida la kazi, huwashwa upya, na huungwa tena kwa jina lilelile, akaunti ya zamani ikiachwa mahali pake:

```
Add-Computer -DomainName ofisi.lan -Credential OFISI\fundi -Restart
```

Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows huzuia kutumia tena akaunti iliyokuwepo ikiwa anayeunga siye aliyeiunda. Kosa lake huonekana kwa namba `0xaac`. Kizuizi hiki kina sababu nzuri, kwani kinamnyima mtu nafasi ya kuteka akaunti ya mashine nyingine, na jibu lake si kufuta akaunti. Hutumiwa akaunti ya mtu aliyeiunga kompyuta hiyo mwanzoni, au wasimamizi wa domeni huwataja katika sera yao wamiliki wa akaunti wanaoaminika. Akaunti iliyoundwa na wasimamizi wa domeni wenyewe haipatwi na kizuizi hicho.

Mtumiaji akiingia baadaye hukuta folda na mipangilio yake kama alivyoiacha, maana wasifu umefungamanishwa na kitambulisho chake yeye katika domeni, ambacho hakijabadilika.

Tatizo likirudi baada ya siku kadhaa, ukarabati haukuwa na kasoro. Chanzo bado kipo. Kwenye seva, kumbukumbu za matukio zenye namba 5722 hutaja kompyuta iliyokataliwa, na jina moja likionekana kutoka anwani mbili tofauti, kuna mashine mbili zinazonyang’anyana akaunti. Moja hupewa jina jingine. Katika maabara za shule ambako diski hurudishwa kwenye hali ya mwanzo kila kompyuta inapozimwa, uhusiano utavunjika tena baada ya kila badiliko la nywila. Huko huweza kutumika sera ya `Domain member: Disable machine account password changes`, inayoiacha siri bila kubadilika. Gharama yake ni kwamba siri ikiibwa itaendelea kufanya kazi hadi mtu aibadilishe kwa mkono, kwa hiyo sera hiyo huwekwa kwa kompyuta za maabara hiyo peke yake.