Ngozi Iliyopauka: Kusugua kwa Upole na Kazi ya Vitamini C

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara za Rubwera huwaandama wapita njia. Miezi hiyo ndiyo ambayo wanafunzi wengi wa Karagwe na Kyerwa huona miguu, mikono na hata nyuso zao zimepauka. Aghalabu hudhaniwa kwamba rangi ya ngozi imebadilika. Kumbe rangi haikubadilika. Kilichobadilika ni namna mwanga unavyorudi kutoka juu ya ngozi.

Sehemu ya nje kabisa ya ngozi ni utando wa seli zilizokufa, ambao katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama sehemu moja au mbili za mia ya milimita. Seli hizo hubanduka kila siku bila kuonekana, na nyingine hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Hewa ikiwa kavu, seli hubanduka kwa mafungu, na kingo zake huinuka kama magamba madogo. Hewa huingia kati ya magamba, nao mwanga hutawanyika huku na huku. Jicho huona weupe wa kijivu. Mafuta yakipakwa hujaza nafasi hizo, na papo hapo rangi ya asili huonekana tena, kama karatasi inavyong'aa na kupitisha mwanga ikitiwa mafuta.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani. Mwanafunzi abandike kipande cha utepe wa gundi unaopitisha mwanga kwenye muundi wa mguu wake uliopauka, akibandue taratibu, kisha akibandike juu ya karatasi nyeusi. Magamba meupe yataonekana. Arudie jaribio baada ya siku kumi za matunzo, alinganishe.

Matunzo yenyewe ni mepesi. Ngozi huloweshwa kwa maji ya vuguvugu kwa dakika chache ili magamba yalainike. Kisha husuguliwa kwa kitambaa laini chenye povu la sabuni isiyo kali, kwa mizunguko midogo isiyokandamiza, kwa muda wa nusu dakika hivi kila sehemu. Dodoki lililolowa lafaa kwa miguu, lakini ni gumu mno kwa uso. Baadaye ngozi husuuzwa, hufutwa kwa kugusagusa, na hupakwa mafuta ingali na unyevu. Mara moja au mbili kwa juma yatosha.

Anayezidisha atajua: maji matupu yatamwasha, ngozi itakaza na kung'aa kama iliyonyooshwa. Hapo aache kusugua mpaka hali itulie. Katika ngozi nyeusi mikwaruzo huamsha seli zinazotengeneza rangi, na mabaka meusi yaweza kubaki kwa miezi.

Vitamini C hufanya kazi nyingine. Ikipakwa, hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza rangi, na hivyo wekundu na weusi usio sawa hufifia kidogo, baada ya majuma manane au zaidi. Haiondoi rangi ya asili. Ili ipenye ngozini, dawa ya maji yenye asidi askobiki huhitaji pH iliyo chini ya 3.5, na kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Kuzidisha hapo hakuongezi faida. Hupakwa matone machache asubuhi, baada ya kujaribiwa siku kadhaa ndani ya mkono, na haipakwi siku ya kusugua.

Udhaifu wake ni kwamba oksijeni na mwanga huiharibu. Dawa iliyogeuka kahawia imepoteza nguvu. Shuleni, kidonge cha vitamini C kisagwe na kuyeyushwa katika maji. Maji ya wanga yatiwe matone ya ayodini mpaka yawe bluu iliyokoza, kisha yatiwe myeyusho wa vitamini tone kwa tone mpaka rangi ipotee. Tuseme myeyusho mpya ulihitaji matone 10, na uliokaa wazi juani siku kadhaa ukahitaji 20; basi nusu ya vitamini imekwisha.

Limau si badala ya dawa hiyo. Maji yake na mafuta ya ganda lake yana kemikali ambazo, zikipigwa na jua kali la nyanda hizi, zaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, kisha madoa meusi. Likichanganywa na sukari yenye ncha kali, hudhuru maradufu. Wala mikorogo yenye zebaki au haidrokwinoni haihusiani kabisa na matunzo haya. Hiyo hushambulia rangi yenyewe, na imepigwa marufuku nchini.

Yote haya ni ya mwonekano tu. Mpauko unaoambatana na kuwasha, nyufa, au mabaka yenye mipaka si jambo la dodoki. Wapaswa kuonwa na mganga wa zahanati.