Sampuli 50, vipimo 45

Tuseme tuna sampuli 50 za udongo. Kila moja imepimwa kaboni kwa kemikali, kazi ya polepole na ya gharama, kisha ikamulikwa kwa mwanga wa infraredi, na mashine ikaandika ni kiasi gani cha mwanga kimeakisiwa katika mawimbi 45. Tunataka hesabu itakayotabiri kaboni ya sampuli mpya kwa kuimulika tu. Upimaji wa udongo kwa mwanga wa namna hii unafanywa Nairobi, katika maabara ya ICRAF. Namba za hapa ni za mfano.

Hesabu ya kawaida, regresheni ya miraba midogo, humpa kila wimbi uzito wake ili makosa yawe madogo iwezekanavyo kwenye sampuli zile zile 50. Matokeo yatapendeza mno. Lakini futa safu ya kaboni, ujaze namba za kubahatisha zisizohusiana na udongo wowote, na hesabu hiyo bado itadai, kwa wastani, kueleza 45/49 ya tofauti zote. Hiyo ni karibu asilimia 92 ya kitu ambacho hakipo.

Ukweli hujitokeza kwenye sampuli mpya. Ikiwa vipimo vinafuata mgawanyo wa kawaida, wastani wa mraba wa kosa kwa vipimo 10 ni kama mara 1.3 ya kiwango kisichoepukika. Kwa vipimo 40 unapanda hadi mara 6, kwa 45 mara 16, na kwa 47 mara 49. Hatari inaanza kabla vipimo havijazidi sampuli.

Chanzo chake kinaonekana vizuri zaidi kwa mawimbi mawili jirani, ambayo hupanda na kushuka karibu pamoja. Tuseme uwiano wao ni 0.99, na vyote vimewekwa kwenye kipimio kimoja. Regresheni inaweza kutoa uzito wa 8 kwa la kwanza na −6 kwa la pili. Data inajua vizuri kwamba jumla ni 2, ila jinsi ya kuigawa haijui, kwa hiyo makosa madogo ya upimaji yanaamua. Badilisha sampuli chache, na huenda ukapata −6 na 8.

Mwaka 1970 Arthur Hoerl na Robert Kennard walichapisha dawa iitwayo riji. Hesabu hutozwa kadiri ya mraba wa kila uzito, na kiwango cha tozo huitwa lamda. Kwa lamda ya 0.1, mawimbi yetu yanapata takriban 1.6 na 0.3. Jumla imepungua kidogo tu, hadi 1.9, lakini ile tofauti ya 14 iliyokuwa ikiyumba imeshuka hadi 1.3. Tumekubali kupindisha jibu kidogo, nasi tumepata jibu linalotulia.

Laso, aliyoipa jina Robert Tibshirani mwaka 1996, hutoza ukubwa wenyewe wa uzito, si mraba wake. Tozo ya mraba hulegea kadiri uzito unavyokaribia sifuri. Ya laso haipungui hata senti ya mwisho, hivyo wimbi lisiloweza kuilipia huondolewa kabisa. Kwa lamda ile ile, mawimbi yetu yanapata 1.96 na sifuri.

Lamda huchaguliwa kwa kugawa sampuli katika mafungu, tuseme 10, kila fungu likitabiriwa na mengine tisa. Katika lugha ya R:

```
cv.glmnet(x, y, alpha = 0)   # riji
cv.glmnet(x, y, alpha = 1)   # laso
```

Wengi huanguka hapa. Wanachagua kwanza mawimbi yanayoendana na kaboni kwa kutumia sampuli zote 50, ndipo wanagawa mafungu. Siri imeshavuja: kila fungu lilisaidia kuchagua kitakacholitabiri. Ili kugundua, changanya safu ya kaboni kiholela, urudie kazi yote tangu mwanzo. Ukifanya hivyo mara nyingi na hesabu bado kwa kawaida inadai inatabiri, kuna uvujaji.

Na mawimbi yaliyobaki na laso yasitangazwe haraka kuwa ndiyo yanayobeba kaboni. Lile lililopewa sifuri lilikuwa karibu pacha wa mwenzake. Data nyingine ingeweza kulibakiza yeye akaondoka. Rudia laso kwenye sampuli zilizochotwa upya, uhesabu ni mawimbi gani yanarudi mara kwa mara. Kama unataka utabiri tu na mawimbi yanafanana hivi, mimi ningeanza na riji. Laso ningeitumia pale mhandisi anapotaka kifaa cha bei nafuu chenye taa chache, kwa sababu kwake wimbi lolote kati ya mapacha hao linatosha.