Hotspoti imekubali, mbona kompyuta haina intaneti?

Kompyuta mpakato inaposema imeunganishwa na hotspoti ya simu yako, imekueleza jambo moja tu: kwamba imeipata simu na nywila ni sahihi. Haijasema lolote kuhusu safari ya pili, ile ya kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara. Ndiyo maana alama ya waifai inaweza kuonekana imejaa, huku chini yake pameandikwa "No internet".

Familia nyingi hapo hukimbilia kununua bando jingine. Fedha inatoka, na kompyuta bado imegoma.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Morogoro. Ni saa tatu usiku. Binti anayesoma chuo anatakiwa kutuma kazi yake kabla ya saa sita, na kaka yake naye anataka kutumia kompyuta ya pili. Zote mbili zimeunganishwa na simu ya baba, na zote hazifungui chochote.

"Baba, bando limeisha?"

"Hapana mwanangu, nimenunua GB 3 sasa hivi. Hata WhatsApp inafunguka."

Kompyuta mbili zikigoma kwa pamoja, ni vigumu kosa liwe ndani ya kompyuta. Tazama simu kwanza. Na WhatsApp kufunguka si ushahidi, kwa sababu meseji za zamani huonekana hata pasipo mtandao. Isitoshe, yapo mabando ya mitandao ya kijamii pekee, ambayo hayafungui tovuti ya chuo.

Kipimo cha uhakika ni hiki: zima waifai kwenye simu, acha data ya laini, kisha fungua kwenye simu hiyohiyo tovuti ileile iliyogoma kwenye kompyuta. Chagua tovuti ambayo simu haijawahi kuifungua.

Tovuti ikigoma kwenye simu pia, tatizo ni bando au kikomo. Kwa baba huyu, salio la bando lilikuwepo. Lakini miezi kadhaa nyuma, ili watoto wasimalize data, aliingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya "Data usage", akawasha "Set data limit" na kuandika GB 5 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1. Ilipofika tarehe 18, GB 5 zilikuwa zimekwisha, na simu ikafunga data yenyewe. Simu haijui kama umenunua bando jipya. Inahesabu matumizi yake tu hadi tarehe ya kuanza upya. Baba alipopandisha kikomo, kompyuta zote mbili zilifunguka bila hata kuunganishwa upya, na kazi ya binti ikafika kwa wakati.

Simu nyingine zina pia kikomo cha hotspoti peke yake, ndani ya mipangilio ya hotspoti. Hicho kikifikiwa, simu huendelea kufanya kazi na kompyuta pekee ndizo hukatwa.

Je, kama tovuti inafunguka vizuri kwenye simu, kikomo cha hotspoti hakipo, na kompyuta bado imekatwa? Hapo shuku kwamba kampuni ya simu hairuhusu bando hilo kugawanywa. Mtandao una njia za kutambua. Kila kifurushi cha data husafiri na namba inayopungua kwa moja kila kinapopitia kifaa. Simu ya Android huanza na 64, kompyuta ya Windows na 128. Data ya kompyuta iliyopitia kwenye simu hutoka ikiwa na 127, na hapo inajulikana haikuanzia kwenye simu.

Ili kuthibitisha, weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu hiyohiyo. Kompyuta ikifunguka, simu na kompyuta ni nzima. Kizuizi kiko kwenye laini ya kwanza au bando lake. Piga huduma kwa wateja na uulize swali moja lililo wazi: "Bando hili linaruhusu hotspoti?" Kama linaruhusu, waombe wakutumie upya mipangilio ya intaneti, maana mipangilio isiyo sahihi huweza kuzuia hotspoti huku simu ikiendelea kufanya kazi.

Baada ya hapo, tafuta kilichomaliza zile GB 5. Mara nyingi ni kompyuta yenyewe, inayodhani iko kwenye waifai isiyo na kikomo na kupakua masasisho kimyakimya. Kwenye Windows 11, fungua "Network & internet", ingia kwenye sifa za waifai ya simu yako, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri, na bando litabaki kwa kazi ya shule. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta ya nyumbani, kwa sababu mpangilio huo hauhami kutoka moja hadi nyingine.