Saa Tatu za Alhamisi Jioni

Tuseme kuna karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Wiki hii ina oda mbili: madawati ya shule na milango ya nyumba ya wageni. Fundi mmoja analipwa shilingi 3,000 kwa saa. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa amefanya kazi saa 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Alhamisi na Ijumaa akabaki jioni, saa tatu kila siku. Kwa saa hizo sita za ziada, sheria inataka alipwe si chini ya mara moja na nusu.

Mshahara wake wa wiki ni shilingi 162,000. Kulipa ni kazi nyepesi. Kinachomkunisha mhasibu kichwa ni kujua fedha hiyo aibebeshe oda ipi.

Kwanza aigawe saa ya ziada vipande viwili. Katika shilingi 4,500 za saa moja ya jioni, 3,000 ni ujira wa kawaida, ambao ungelipwa hata kama kazi ingefanyika saa nne asubuhi. Nyongeza ni ile 1,500 tu. Wengi huishika 4,500 nzima na kuiita gharama ya ovataimu, na hapo hesabu huanza kwenda kombo.

Kadi za kazi zinaonyesha saa 36 kwenye madawati na 11 kwenye milango, yaani tano za mchana na zile sita za jioni. Saa nne zilizobaki fundi alikaa bure: alisubiri mbao, visu vya randa vikabadilishwa, umeme ukakatika kidogo. Nyongeza ya shilingi 9,000 ikitupwa kwenye milango, gharama yake ya kazi inapanda kutoka 33,000 hadi 42,000. Kosa la milango ni lipi? Ni kwamba zamu yake iliangukia jioni. Msimamizi angeanza na milango Jumatatu, madawati ndiyo yangeonekana ghali. Karakana ilibaki hadi usiku kwa sababu kazi zote kwa pamoja zilizidi saa za mchana, kwa hiyo nyongeza inaingia kwenye gharama za jumla za karakana, pamoja na kodi ya pango na umeme, kisha oda zote zinagawana.

Mambo hubadilika mwenye nyumba ya wageni akipiga simu Jumatano: wageni wanakuja Jumamosi, milango ifungwe kabla. Sasa jioni zile zimesababishwa na mteja anayejulikana, na 9,000 ni halali ya oda yake. Hapo gharama inakuwa ya moja kwa moja, na inafaa aambiwe bei mapema, kabla randa haijawashwa.

Zile saa nne za kukaa bure, zenye thamani ya shilingi 12,000, nazo zinakwenda kwenye gharama za jumla. Hakuna karakana isiyobadilisha visu. Wapo wahasibu wanaopendelea kuzifidia kwa kupandisha kiwango cha saa wanachozitoza oda, na njia hiyo inakubalika. Hatari ni kufanya yote mawili, maana mteja atatozwa usubiri uleule mara mbili.

Lakini mota ya randa ikiungua, mafundi wanane wakakaa siku tatu mikono mitupu? Hizo ni saa 216, shilingi 648,000. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa ghalani, hakiruhusu upotevu usio wa kawaida wa nguvu kazi kuhesabiwa kwenye gharama ya bidhaa. Fedha hiyo inaandikwa kuwa hasara ya kipindi hicho. Ikipakwa kwenye madawati yaliyobaki stoo, hasara inajificha ndani ya mali na faida ya mwaka inavimba.

Mpaka kati ya kawaida na isiyo ya kawaida hupatikana kwenye kumbukumbu za karakana yenyewe. Fundi ambaye kwa miezi hukaa bure saa tatu hadi tano kwa wiki, akifikisha 27, lazima kuna kilichoharibika. Ili hilo lionekane, kadi ya mahudhurio ilinganishwe na kadi za kazi kila wiki: saa zilizolipwa zikizidi saa za oda, tofauti ndiyo muda wa kukaa bure.

Zikilingana kila siku, tisa kwa tisa, mhasibu asifurahi haraka. Mara nyingi fundi anaogopa kuonekana mvivu, kwa hiyo saa aliyosubiri mbao ameiandika kwenye dawati.