Kwa Nini Baadhi ya Ndege za Nafuu Hazionekani Katika Tovuti za Kulinganisha Nauli, na Namna ya Kuzihakiki

Mkazi wa Wete anayetaka kumpeleka mgonjwa wake Dar es Salaam anaweza kufungua tovuti ya kulinganisha nauli, akaandika Pemba na tarehe ya safari, kisha akajibiwa kuwa hakuna ndege. Wakati huohuo, katika Uwanja wa Ndege wa Chake Chake, ndege ndogo zinashuka na kupaa kama kawaida. Jibu hilo halina maana kwamba safari haipo. Maana yake ni kwamba tovuti hiyo haina taarifa zake.

Tovuti za kulinganisha nauli hazimiliki ndege wala viti. Huchota taarifa kutoka mifumo mikubwa ya kimataifa ya kuuza tiketi, kama Amadeus na Sabre, au kutoka kwa mashirika yaliyoingia nayo makubaliano. Shirika linalouza kupitia mifumo hiyo hulipia kila tiketi inayouzwa. Kwa shirika linaloendesha biashara kwa nauli ndogo, gharama hiyo hupunguza faida, hivyo baadhi huchagua kumuuzia abiria moja kwa moja. Hata Southwest ya Marekani, mojawapo ya mashirika makubwa ya aina hiyo duniani, ilianza kuonyesha nauli zake katika Google Flights mwaka 2024 tu.

Kwa Pemba ipo sababu nyingine. Safari nyingi za kisiwani hufanywa kwa ndege ndogo, kama Cessna Caravan yenye viti visivyozidi 14. Ndege hiyo inaweza kupita Unguja kabla ya kufika Dar es Salaam, na viti vyake huuzwa kwa simu, ofisini au katika tovuti ya shirika lenyewe. Aidha, tovuti za kulinganisha mara nyingi huunganisha safari mbili pale tu mashirika husika yanapokuwa na makubaliano ya kupokeana abiria. Ndiyo maana anayetafuta safari ya Maskati hadi Pemba anaweza kukosa jibu, ilhali akitafuta Maskati hadi Unguja, kisha Unguja hadi Pemba, hupata safari zote mbili.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuanzia kwenye uwanja badala ya tovuti. Msafiri aulize madirisha ya tiketi uwanjani, au Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, ni mashirika gani yanayotua Pemba kwa sasa. Anapotafuta mtandaoni atumie alama za viwanja: PMA kwa Pemba, ZNZ kwa Unguja na DAR kwa Dar es Salaam. Akishapata majina, afungue tovuti ya kila shirika kwa kuandika anwani yake mwenyewe, kwani kiungo cha tangazo kinaweza kumpeleka kwa dalali au tapeli.

Hatua ya pili ni kuhakiki. Anayeuza tiketi si lazima awe mwenye kurusha ndege, hivyo msafiri aulize jina la kampuni itakayoendesha safari. Jina hilo ndilo la kulinganisha na orodha ya kampuni zenye leseni na cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Uhakiki huo urudiwe kila safari, kwa kuwa leseni huweza kuondolewa. Desemba 2018, TCAA iliipa fastjet, iliyoanza safari zake za nafuu nchini mwaka 2012, notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, na safari zake zikasimama.

Wakati wa kulipa kwa simu, jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri linapaswa kuwa la kampuni au wakala wake anayetambulika. Likiwa la mtu binafsi asiyejulikana, malipo yasitishwe. Baada ya kulipa, msafiri apige simu kwa namba aliyoitoa katika tovuti ya shirika, awasomee kumbukumbu ya tiketi yake na kuuliza uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Katika ndege ndogo kiwango huwa kilo 15 mara nyingi, na nauli iliyoonekana nafuu inaweza kupanda kwa sababu ya begi moja.

Cheti huthibitisha ruhusa ya kurusha ndege. Hakithibitishi kwamba ndege itaondoka kwa wakati. Mwenye tiketi mbili tofauti akichelewa kufika Unguja, shirika la pili kwa kawaida halina wajibu wa kumsubiri, na ndege ndogo za Pemba kwa kawaida husafiri mchana. Anayetua Unguja alasiri hana budi kupanga kulala huko na kuchukua ndege ya asubuhi.